Kahawa ya kuchemsha isiyo na mashapo: jinsi ya kuing'arisha kwa yai

Ukichemsha kahawa ya kusaga kwenye sufuria, mashapo unayaondoa kwa kuyangoja yatuame au kwa kuchuja. Kwa birika la watu wanne, kungoja kunatosha. Shida huanza pale unapochemshia ukumbi mzima: chembe kubwa zinakwenda chini, lakini ile vumbi laini inabaki inaelea, na kitambaa cha kuchujia kinaziba kabla hujafika nusu ya sufuria. Kikombe cha kwanza kinatoka kizuri, cha hamsini kinatoka na tope.

Wapishi wa makanisa ya Kilutheri huko Minnesota, Marekani, wana dawa yake. Wanachanganya yai bichi na kahawa ya kusaga kabla ya kuitia kwenye maji yanayochemka. Yai linaiva, linashika chembe zote, linazama nazo, na juu inabaki kahawa unayoweza kuona mpaka chini ya glasi. Jimbo hilo lilijaa wahamiaji kutoka Sweden na Norway katika karne ya 19, na vyumba vya chini vya makanisa yao vikawa mahali pa kunywea kahawa baada ya ibada, msiba au harusi. Kila mwishoni mwa Agosti, kwenye maonyesho makubwa ya jimbo hilo, kanisa la Salem Lutheran huuza kahawa hii kwa umma, na foleni huwa ndefu tangu asubuhi. Wanaiita ya Kiswidi, ingawa Waswidi wengi wa leo hawaijui.

Baadhi yetu tunaotumia Kiswahili tumeinywa bila kujua imepikwaje. Sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul ina ushirika wa muda mrefu na Dayosisi ya Iringa ya KKKT, unaoitwa Bega kwa Bega, na mgeni kutoka Iringa akifikishwa kwenye ukumbi wa kanisa kule, kikombe cha kwanza anachoshikishwa mara nyingi ni cha kahawa tu, nyepesi, isiyo na maziwa. Nami niliiona ikipikwa jikoni mwa kanisa moja la huko. Mama mzee aliyesimamia jiko alivunja yai juu ya kahawa, akaona nilivyokunja uso, akasema, "Mwanangu, usilitazame sasa. Litazame baada ya dakika kumi."

Kabla ya kuendelea niseme kwamba hii si ile kahawa ya yai ya Hanoi, Vietnam, ambako kiini hupigwa na maziwa mazito yenye sukari mpaka kiwe povu tamu la kuwekwa juu ya kikombe. Ile yai unalinywa. Hii yai linabaki kwenye sufuria.

Yai linafanya nini

Ute wa yai ni maji yaliyobeba protini. Zikiwa mbichi, protini hizo zimejikunja, kila moja peke yake. Joto likifika nyuzi 60 na kitu zinaanza kukunjuka na kushikana, na likipita nyuzi 80 ute wote umeganda. Ndicho unachokiona yai linapobadilika kuwa jeupe kwenye kikaango. Sasa kama ute huo umekwisha kusambazwa juu ya kila punje ya kahawa, unapoganda unakuwa wavu, na vumbi laini lote linanaswa ndani yake. Chembe ambazo peke yake zingeelea saa nzima sasa zimo ndani ya mabonge, na bonge lina uzito wa kuzama.

Kuna kazi ya pili, na hii ndiyo inayobadilisha ladha. Kahawa iliyochemshwa ina vitu vinavyokausha ulimi, ndugu wa vile vinavyofanya chai iliyokaa sana ikabe koo. Vitu hivi hupenda kushikamana na protini. Vingine vinang'ang'ania yai na kuzama nalo, ndiyo maana kahawa hii haina ukali wa kahawa ya kuchemshwa ingawa imechemshwa kweli. Watengenezaji wa mvinyo hutumia ute wa yai kwa sababu hiyohiyo. Kafeini haimo katika hesabu hii. Inabaki kikombeni, kwa hiyo asiyelala kwa kahawa asidanganywe na wepesi wake.

Mbinu ni ya zamani. John Arbuckle, mfanyabiashara wa kahawa wa Pittsburgh, Marekani, alipata hataza mwaka 1868 ya kupaka buni zilizokaangwa mchanganyiko wa yai na sukari, ili zisipoteze harufu mapema, na kahawa yake ikasifiwa pia kwamba inatuama vizuri sufuriani. Huko Skandinavia nako walitumia ngozi kavu ya samaki kwa kazi hiyohiyo. Yai lilishinda kwa sababu lipo kila nyumba.

Vifaa na vipimo

Nachukua sufuria ya kutoa vikombe kumi vya chai, kila kimoja cha mililita 200. Utahitaji lita 2 za maji ya kuchemsha, kikombe kimoja cha robo lita cha kahawa ya kusaga kilichosawazishwa (gramu 80 hivi), yai moja, vijiko vinne vikubwa vya maji baridi ya kulegezea, na glasi moja ya maji baridi sana ya kumalizia. Wamama wa Minnesota hutia kahawa pungufu ya hapo, robo tatu ya kikombe, maana wao hunywa vikombe vitatu vinne mfululizo. Mimi naiona yao ni nyepesi mno kwa mtu aliyezoea kahawa ya kwetu.

Sufuria iwe ya lita 3 au zaidi. Povu la kahawa hii hupanda ghafla, na sufuria iliyojaa italimwaga lote jikoni.

Kahawa isagwe chengachenga, kama ile inayotwangwa kwenye kinu ikaishia nusu, si laini kama unga wa ngano. Hapa ndipo wengi huharibu bila kujua. Kahawa laini sana ina vumbi jingi kuliko yai moja linavyoweza kushika, na ukiongeza yai unaanza kulionja. Kahawa inayoyeyuka papo hapo, ile ya kopo, haina mashapo, kwa hiyo haihusiki hapa kabisa. Kahawa iliyokaangwa jana au juzi itatoa povu jingi zaidi, kwa sababu bado ina gesi ndani. Si tatizo, ila usiiache peke yake jikoni.

Kuhusu ganda la yai: mapishi ya zamani huliponda na kulitia humohumo, kwa maelezo kwamba linapunguza uchachu. Ganda ni chokaa, na chokaa kweli hupunguza uchachu, lakini katika dakika tatu za kuchemka sidhani linafanya mengi. Mimi huliacha. Ukipenda kulitumia, lioshe vizuri kabla ya kulivunja, maana uchafu wa banda la kuku hukaa nje ya yai.

Kupika

Teleka maji lita 2 yachemke. Yakiwa motoni, vunja yai kwenye bakuli, tia vijiko vinne vya maji baridi, upige kwa uma mpaka ute usiwe na nyuzi. Usipige likatoa povu. Unachotaka ni ute ulegee tu. Kisha tia kahawa yote, uchanganye mpaka isiwepo punje kavu hata moja. Geuza bakuli huku na huku uangalie chini, ambako kahawa kavu hupenda kujificha. Mchanganyiko ukiwa tayari ni tope zito, jeusi, lenye kung'aa, linalong'ang'ania kijiko. Halipendezi kwa macho, na harufu yake kwa wakati huu ni ya yai bichi na kahawa, kitu ambacho hakuna anayekisifu.

Maji yakichemka kwa nguvu, punguza moto kwanza. Tia tope lote kwa vijiko, koroga mara moja kwa mwiko ili mabonge yaachane, kisha weka mwiko chini. Kahawa itachafuka kama mafuriko kwa nusu dakika hivi, na povu la kahawia litapanda. Likikaribia mdomo wa sufuria, inua sufuria kutoka motoni, ngoja lishuke, rudisha.

Yakianza kutokota tena, hesabu dakika tatu. Moto uwe wa kati, maji yatokote polepole pembeni tu. Usikoroge. Hapa kuna jambo la kulitazama kwa makini, kwa sababu ndilo litakalokuambia kama kazi imefanyika. Mwanzoni juu ya sufuria ni utando mmoja wa kahawia. Katika dakika ya pili utando unaanza kukatika na kuwa vipande, na katikati ya vipande unaona maji. Maji hayo ndiyo ya kuchunguza. Yakiwa bado ya rangi ya matope, yai halijaganda sawasawa, ongeza dakika. Yakiwa mekundu mang'avu, yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yai limemaliza kazi yake na kila sekunde ya ziada inazidisha uchungu tu.

Zima moto. Chukua ile glasi ya maji baridi, uimwage taratibu kwa kuzungusha juu ya vipande vinavyoelea. Vitaanza kuzama mbele ya macho yako. Vipande hivyo vinaelea kwa sababu ya mvuke na gesi iliyonaswa ndani ya yai lililoganda. Baridi inapovipata, mvuke unarudi kuwa maji, mapovu yanasinyaa, na bonge linabaki na uzito wake wenyewe. Maji ya bomba ya vuguvugu yatafanya kazi hii nusunusu. Kama huna friji, tumia ya mtungi.

Funika, uiache dakika 8 hadi 10 bila kuigusa. Kusogeza sufuria kutoka jiko hili kwenda meza ile ni kuanza upya.

Kumimina kunataka upole zaidi ya kupika. Tumia upawa, uchote kutoka juu, upitishe kwenye chujio la chai la kawaida lenye matundu madogo. Chujio hapa ni bima tu, la kukamata kipande kimoja kimoja kilichokaidi. Ukiona linaziba, ujue kuna kosa lilitokea huko nyuma. Ukifika vidole viwili kutoka chini, acha. Kilichobaki ni tope na yai, na hakuna haja ya kulikamua.

Jaribu matokeo kwenye glasi nyeupe. Mimina glasi moja, weka kidole upande wa pili, uielekeze dirishani. Kahawa ya kuchemsha ya kawaida itakificha kidole. Hii itakionyesha.

Ukitaka kidogo tu

Kwa birika la nusu lita, yai zima ni kubwa mno. Piga yai, chota kijiko kimoja kikubwa cha yai lililopigwa, kilichobaki kaangia chapati au omleti. Kijiko hicho kichanganye na gramu 20 za kahawa, yaani vijiko vinne vikubwa vya kusawazisha, na kijiko kimoja cha maji. Muda ni uleule wa dakika tatu, maji baridi ya kumalizia ni robo ya glasi, na kutuama huchukua dakika tano. Unaweza kutumia ute peke yake bila kiini. Unang'arisha vilevile, kwa kuwa kazi kubwa ni ya ute.

Ukitaka ya ukumbi

Tuseme ni ibada ya Jumapili na watu themanini. Chukua sufuria la lita 25. Chemsha lita 18 za maji. Kahawa iwe gramu 700, mayai 9, na nusu lita ya maji baridi ya kulegezea. Maji baridi ya kumalizia ni lita 2. Hesabu ni ileile ya yai moja kwa kila lita 2, lakini kuna mambo mawili yanayobadilika.

La kwanza ni kuchanganya. Gramu 700 za kahawa na mayai tisa kwenye beseni moja ni kazi ya mkono, na ukitumia mwiko punje kavu zitabaki. Gawanya mara tatu: mayai matatu na theluthi ya kahawa kwa kila bakuli, ukihakikisha kila bakuli limelowa lote, ndipo utie bakuli moja moja kwenye maji, la pili likifuata baada ya povu la kwanza kushuka. Ukitia yote kwa mpigo sufuria litafurika, na povu hilo linaunguza.

La pili ni muda. Sufuria kubwa huchelewa kurudi kwenye mchemko, na muda wote huo kahawa inaendelea kuachia ladha yake majini. Kwa hiyo usihesabu dakika tatu kwa ukaidi. Angalia ile rangi katikati ya vipande, na mara nyingi utazima baada ya mbili. Kutuama nako kunachukua robo saa au zaidi, maana bonge lina safari ndefu kwenda chini. Utapata vikombe 90 hivi.

Ikishatuama, ihamishie kwenye chupa za chai mara moja. Usiiweke juu ya moto mdogo ikae na mashapo yake ili isipoe, kwa sababu itaendelea kuchemka pale chini, uchungu utarudi, na mabonge yatapanda tena.

Ikiharibika

Ukiona nyuzi nyeupe zinaelea, yai halikuchanganyika na kahawa bali limeivia peke yake majini. Kuna wanaovunja yai moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka wakidhani ni sawa. Hapo unapata supu ya mayai yenye rangi ya kahawa. Ichuje uinywe tu, haina madhara, lakini haitang'aa.

Kahawa ikibaki na ukungu baada ya kutuama, chanzo huwa ni kimojawapo kati ya vitatu: ilisagwa laini mno, ilitokota kwa fujo mpaka mabonge yakavunjika, au kuna aliyetia mwiko akaonja baada ya maji baridi. Ukungu ukiwa mdogo, tia nusu glasi nyingine ya maji baridi na ungoje. Ukiwa mwingi, usijaribu kutia yai jingine. Linahitaji kuchemshwa upya, na kahawa iliyochemshwa mara mbili haina ladha ya kusaidia.

Ikinuka yai, ulitia yai jingi kuliko kahawa, au yai lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Ikiwa sawasawa haina ladha ya yai hata kidogo.

Wapi isitumike

Sitaitumia kwenye kahawa chungu ya pwani. Dele la Mombasa, Zanzibar au Dar halina haja nayo: kahawa ile huchemshwa muda mrefu kwa makusudi, mashapo yanakaa chini ya dele, vikombe ni vidogo, na ukali wake ndio unaotafutwa, kwa sababu mkono wa pili una kashata au tende. Ukiitia yai umeinyang'anya kile ambacho watu wamekuja kukinywa pale barazani. Tangawizi ya unga nayo itanaswa na wavu na kuzama pamoja na mashapo. Ukitaka viungo kwenye kahawa hii ya yai, chemsha hiliki nzima au tangawizi iliyopondwa kwenye maji kabla ya kutia kahawa, uitoe.

Mahali pake ni kahawa ya arabika ya kunywa kwa kikombe kikubwa bila maziwa, mfano ile ya Kilimanjaro au Mbinga, iliyokaangwa wastani. Kwa robusta ya Kagera inafaa pia, na ndipo utakapoona tofauti kubwa zaidi kwenye ulimi, kwani robusta ina ukali mwingi wa kuondolewa.

Na kama unawapikia watu usiowajua, watangazie kwamba kuna yai. Sehemu kubwa ya yai inabaki chini, lakini si yote, na mtu mwenye mzio wa mayai hapaswi kuligundua kwa kuvimba midomo. Vivyo hivyo kwa wasiokula mayai kwa sababu zao.

Kuosha

Osha bakuli la kuchanganyia kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto yanaligandisha yai bichi lililobaki pembeni, nalo litashika bakuli mpaka ulikwangue kwa kisu. Lile tope la chini ya sufuria lifukie kwenye shimo la mbolea, si kulimwaga juu ya bustani, kwa kuwa paka na nzi watalifuata kwa ajili ya yai.